Kariakoo ikifunga maduka, mshahara wa muuzaji unakatwa?

Juni 24, 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi. Je, bosi anaruhusiwa kumkata muuzaji wake siku kama hizo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu asilipe kazi ambayo haikufanyika kwenye mgomo halali wa wafanyakazi, au akiwafungia nje ili wakubali masharti yake. Kariakoo bosi alikuwa anavutana na serikali, siyo na muuzaji. Kwa hiyo kipengele hicho hakimsaidii kukata.

Na ukisimamishwa kazi kupisha uchunguzi? Kanuni za 2007 zinataka ulipwe mshahara kamili. Ukikatwa, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60.