Goma: Pesa ya chakula cha shule ikikosekana, tusianze kwa kukata maharagi

Wiki hii nilipita kwenye jiko la shule moja ya msingi hapa Goma, shule yenye watoto wengi wa familia zilizokimbia vita. Saa ya chakula mstari ulikuwa mrefu. Mtoto wa kwanza alipata bugali na mchuzi wenye maharagi. Mtoto wa mwisho alipata bugali kubwa zaidi, na juu yake maji mekundu. Nikamuuliza mama mpishi: "Mama, maharagi yameisha?" Akanijibu: "Baba, bei ilipanda. Komite ilisema tupunguze maharagi, tuongeze unga, ili watoto washibe."

Komite ile haina roho mbaya. Lakini naona imekosea hesabu, na jikoni kosa la hesabu linaingia katika mwili wa mtoto. Tufanye hesabu hiyo pamoja. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za soko lake.

Tuseme shule ina watoto 200, na kila mtoto anahesabiwa franka 700 kwa siku. Siku ya kawaida mtoto mmoja anapewa unga wa mahindi gramu 120, maharagi gramu 40 na mafuta ya mawese kijiko kimoja kikubwa kisichojaa, yaani mililita 10 hivi. Vyote vinapimwa vikiwa vibichi, kabla ya kupikwa. Kama unga ni franka 2,000 kwa kilo, maharagi 3,000 na mafuta 4,000 kwa lita, basi unga ni franka 240, maharagi 120, mafuta 40. Ongeza lengalenga, nyanya, kitunguu na chumvi kwa franka 95, makala 100, maji 30. Jumla ni franka 625.

Hapo zinabaki franka 75. Ukihesabu siku moja moja, hizo 75 hazinunui kitu cha maana, zinapotea. Ukihesabu wiki nzima, mambo yanabadilika. Wiki ya siku tano ni franka 3,500 kwa mtoto. Siku nne za maharagi zinakula 2,500. Kwa siku ya tano zinabaki 1,000, na hapo unaweza kuweka sambaza kavu gramu 20 mahali pa maharagi. Kama kilo ya sambaza ni franka 24,000, siku hiyo inafika 985. Wiki yote ni 3,485, na pesa imetosha. Komite inayohesabu kwa siku itasema sambaza ni chakula cha matajiri. Inayohesabu kwa wiki itawapa watoto samaki mzima na mifupa yake, kila wiki.

Sasa barabara ya Masisi au Rutshuru inafungwa, na maharagi yanapanda kutoka franka 3,000 hadi 4,500. Komite inafanya nini? Inakata maharagi kutoka gramu 40 hadi 20, na kuongeza unga kutoka 120 hadi 150. Sahani inajaa, watu wanatulia. Lakini tuangalie pesa. Unga na maharagi kwa njia hiyo ni franka 390. Kama wangeacha kila kitu kilivyokuwa, kwa bei mpya ingekuwa franka 420. Kwa hiyo wameokoa franka 30 tu. Kwa sababu ya franka 30, mtoto amepoteza nusu ya maharagi yake, na maharagi ndiyo yanayojenga mwili. Unga ulioongezwa una kiasi kidogo cha vitu hivyo, haufidii.

Kuna njia nyingine. Bei mpya inaongeza franka 60 kwa siku, yaani 240 kwa siku nne za maharagi. Zitatoka wapi? Kwanza kwenye makala. Maharagi yakichaguliwa na kulowekwa usiku kucha, maji ya kuloweka yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu na kuendelea kuiva chini ya kifuniko, makala yanapungua. Tuseme yanashuka kutoka franka 100 hadi 70: kwa siku nne ni 120. Pili, sambaza zipunguzwe kutoka gramu 20 hadi 15: hapo kuna 120 nyingine. Hesabu imerudi pale pale, franka 3,485, na hakuna mtoto aliyepoteza maharagi yake. Lakini angalizo: kama maharagi ni ya zamani na yamekauka sana, hata kuloweka hakutasaidia vya kutosha. Kabla ya kununua gunia, loweka na upike konzi moja, uone yanachukua muda gani.

Mafuta pia yasikatwe. Mawese mekundu yanampa mtoto nguvu, na ile rangi yake inausaidia mwili kupata vitamini A, ambayo macho yanaihitaji. Lakini jikoni kwetu kuna tabia ya kuyachoma mpaka yawe meupe. Yakifika hapo, umelipa bei ya mawese na vitamini imeondoka na moshi. Yapashwe moto kiasi cha kukaanga kitunguu, basi.

Hayo yote yanaharibika kama hakuna mizani. Watoto 200 kwa gramu 40 ni kilo 8 za maharagi. Kilo hizo zipimwe baada ya kutoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, siyo kabla. Tena mpishi akoroge nyungu mpaka chini kila anapochota, na atumie kikombe kimoja kwa watoto wote. Maharagi hukaa chini, na asiyekoroga anawapa wa mbele mchuzi na wa nyuma maharagi, au kinyume chake. Ukitaka kujua jiko linafanya kazi vizuri, usiangalie sahani ya kwanza. Angalia ya kwanza, ya mia na ya mwisho.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi tuliokimbia na sisi tuliopokea wageni nyumbani. Orodha ya jiko inaandikwa mwanzoni mwa mwezi. Katikati ya mwezi wanaingia watoto wapya 30, na hakuna anayewafukuza, ni vizuri. Lakini zile kilo 8 sasa zinagawanywa kwa watoto 230, na gramu 40 zimekuwa karibu 35. Mpishi anaongeza maji, na upungufu unafichwa ndani ya mchuzi. Anayetoa pesa anaendelea kuamini kwamba franka 700 zinatosha, kwa sababu karatasi yake inasema watoto 200.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa komite za wazazi na wakubwa wa shule. Kila asubuhi wahesabu watoto waliofika, siyo majina ya orodha. Kisha waandike ukutani mwa jiko kwa chaki: watoto wangapi, kilo ngapi za maharagi, franka ngapi. Mzazi yeyote, hata aliyefika jana na godoro kichwani, atagawanya kilo kwa watoto na kujua mtoto wake amekula nini. Na siku pesa itakapokuwa haitoshi kweli, tutakuwa na hesabu ya kumwonyesha anayeitoa.