Teksi za Nairobi: Hofu ya betri na hesabu ya petroli

NAIROBI – Tangu Kenya ilipopandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 katikati ya mwaka 2023, dereva wa teksi anayetafuta gari lililotumika kutoka Japani hukabiliwa na uamuzi mgumu. Anunue Toyota Vitz ya petroli, ambayo kila fundi anaijua, au Toyota Aqua ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme? Anayeikwepa Aqua kwa kawaida haogopi injini, anaogopa betri.

Tumchukue dereva anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 3,900. Katika foleni za mjini tukadirie kwamba Vitz inakwenda kilomita 13 kwa lita na Aqua 20. Vitz itakunywa lita 300, Aqua 195. Kwa bei ya shilingi 185 za Kenya kwa lita, kama ilivyokuwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2025, tofauti ni shilingi 19,425 kwa mwezi.

Sasa tuiweke betri kwenye hesabu hiyo hiyo. Tuseme betri na kazi ya fundi ni shilingi 150,000, na dereva anataka awe na fedha hizo kila baada ya kilomita 100,000. Hiyo ni shilingi moja na nusu kwa kilomita, au 5,850 kwa mwezi. Akiziweka kando, bado anabaki na 13,575 ambazo mwenziwe wa Vitz amezimimina kwenye tangi.

Lakini faida hiyo ni ya foleni. Dereva wa Aqua akikanyaga breki, mota huzalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Gari likisimama, injini huzimika. Barabara kuu haina breki nyingi. Anayebeba wafanyabiashara kwenda Namanga na kurudi anaweza kupata kilomita 17 kwa Vitz na 21 kwa Aqua. Akiba inashuka hadi karibu shilingi 8,000, na ukitoa fungu la betri zinabaki elfu mbili na ushei. Kwa fedha hizo, mtu wa safari ndefu hana sababu ya kujisumbua.

Hata wa mjini anaweza kuumia, betri ikifa mwezi wa tatu, fungu halijajaa na mkopo wa gari bado unadaiwa. Ndiyo maana kazi kubwa ni siku ya kununua. Betri ya Aqua ya toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 2011 hadi 2021, iko chini ya kiti cha nyuma, na ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja. Kipande kimoja kikichoka, huvuta vyote. Alama ya betri kwenye dashibodi hujaa na kuisha upesi, injini haizimiki kwenye foleni, na feni ya nyuma hulia muda wote. Mwisho huwaka taa ya onyo, na mashine ya kupimia husoma P0A80.

Muuzaji mjanja huifuta alama hiyo asubuhi. Gari litaonekana zima, na taa itarudi baada ya siku chache za kazi. Kwa hiyo liendeshe kwenye foleni kwa saa nzima, mashine ikiwa imechomekwa, na utazame volti za vipande wakati wa kupanda kilima: kinachoshuka mbali na wenzake ndicho kibovu. Ukiambiwa kimoja tu kimebadilishwa, punguza bei, kwa kuwa vilivyobaki vina umri ule ule. Pia kuna betri ndogo ya volti 12. Ikifa gari haliwaki kabisa, na wapo waliolipishwa betri kubwa kwa kosa la hii ndogo.

Ukishalinunua, adui ni joto. Tundu la hewa ya kupoza betri liko kando ya kiti cha nyuma. Mzigo wa abiria ukiliziba, au vumbi likijaa kwenye feni, betri huchemka na kuzeeka mapema.

Anayefikiria kurudi nyumbani Rwanda na Aqua ya Nairobi akumbuke jambo jingine: usukani wake uko kulia, na Rwanda ilizuia magari ya namna hiyo kuingizwa tangu 2005. Ndugu yake wa usukani wa kushoto aliuzwa Marekani kwa jina la Prius c hadi 2019, na betri yake hupimwa kwa njia hiyo hiyo.