Kabla hujabonyeza 'tuma' kwenye grupu ya chama

Wewe ndiwe katibu wa chama, ama admini wa grupu ya ploti, ama yule msee ambaye kila mtu amemwachia kazi ya kuandika. Desemba 25 asubuhi unachukua simu, unaandika meseji ya sikukuu na kuituma. Dakika mbili tu. 'Amina' kumi zinafuata, na stika za miti na mishumaa juu yake. Unarudi kwa chapo zako ukijua kazi imeisha.

Hebu angalia tena waliosoma. Kuna wale ambao tiki zao ni za bluu na hawajasema kitu. Mwaka jana walikuwa walewale. Hawajakasirika, wala hawatatoka kwenye grupu. Lakini wamesoma meseji ya chama chao, chama wanachochangia kila mwezi, na wameona kwamba haikuandikiwa wao.

Msimamo wangu ni kwamba shida mara nyingi haiko kwenye sikukuu yenyewe. Iko kwenye silabi moja: 'tu'.

Tuchukue mfano. Tuseme chama chenu kiko South C na kina watu 30. Wakristo ni 19, Waislamu 8, Wahindu 2, na mmoja ni Shahidi wa Yehova. Katibu anaandika hivi:

"Wapendwa, leo tunasherehekea kuzaliwa kwa Mwokozi wetu. Kama chama tunamshukuru kwa mwaka huu. Krismasi njema kwenu nyote na familia zenu. Msisahau salio la Desemba kabla ya tarehe 31."

Meseji ni ya upole na aliyeiandika hana nia mbaya. Lakini isome ukiwa mmoja wa wale Waislamu 8. 'Tunasherehekea' inakuweka ndani ya sherehe ambayo si yako. 'Mwokozi wetu' inakutia kinywani ungamo la imani ambalo hulikubali. 'Kama chama tunamshukuru' ndiyo nzito zaidi, kwa sababu sasa si katibu anayeomba. Ni chama kizima kinachoomba, pamoja na pesa zako zilizomo. Kisha yule Shahidi wa Yehova, ambaye ni Mkristo lakini haadhimishi Krismasi kabisa, anatakiwa Krismasi njema kwa lazima. Na mwisho wa yote, salamu inageuka kuwa kumbusho la deni.

Sasa iandike upya:

"Habari zenu wanachama. Kwa wenzetu mnaosherehekea leo, chama kinawatakia Krismasi njema, nyinyi na familia zenu. Kwa wanachama wengine wote, likizo njema na safari salama. Tuonane kwenye mkutano wa Januari. Katibu, kwa niaba ya chama."

Angalia kilichobadilika. 'Tunasherehekea' imekuwa 'mnaosherehekea'. Anayesalimu ni chama, anayesalimiwa ni mwenye sikukuu, na hakuna aliyeombewa kwa kinywa cha mwingine. Sikukuu imetajwa kwa jina lake, kwa hivyo wale 19 hawajanyang'anywa chochote. Wale 11 wengine wamepewa neno lao pia, tena neno la kweli, maana hata wao wako likizo na wengi wanapanda matatu kwenda ushago. Salio la Desemba limeondolewa. Litakuja kwa meseji yake tarehe 27. Kwenye vitenzi, 'tu' imebaki mahali pamoja tu, kwenye 'tuonane', na hapo ni ya watu wote 30.

Najua utakachosema. Si ni rahisi kuandika 'Heri ya sikukuu kwa wote' na mambo yaishe? Hapana. Hiyo ni salamu ya bango la supamaketi, na supamaketi ina sababu yake: haijui nani anapita pale mlangoni. Wewe unawajua watu wako. Unajua nani alifiwa mwezi wa tano, nani mtoto wake anafanya mtihani, nani analipa kwa kuchelewa kila mwezi. Ukimsalimu mtu unayemjua kana kwamba humjui, ataona umemkwepa. Halafu hiyo 'sikukuu kwa wote' huwa inatumwa Desemba 25 pekee. Kila mtu anajua ni sikukuu gani imefichwa humo, kwa hivyo Mkristo anaona yake imefutwa jina, na Mwislamu anaona ni ileile imevalishwa koti.

Kwa hivyo kipimo cha usawa hakiko kwenye meseji moja. Kiko kwenye mwaka mzima. Kama chama kilituma Krismasi na kikanyamaza Idd, hata ile meseji nzuri ya Desemba inaonekana kama ya upande mmoja. Na hapa ndipo makatibu wengi huteleza, kwa sababu sikukuu za wenzetu zina utaratibu ambao wengi hatukufundishwa.

Anza na Idd-ul-Fitr. Haina tarehe ya kudumu kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11, ndiyo maana Wakenya walipumzika kwa Idd Aprili 10 mwaka 2024, na Machi 31 mwaka 2025. Zaidi ya hayo, siku yenyewe hujulikana usiku wa kuamkia, mwezi ukionekana na Kadhi Mkuu akitangaza. Ukituma 'Idd Mubarak' mapema kwa sababu uliona tarehe kwenye simu, unaweza kukuta wenzako bado wanafunga kesho yake. Na kuna miaka ambapo wengine husali Idd leo na wengine kesho, kwa sababu hawa wanafuata mwandamo wa hapa na wale wanafuata tangazo la Saudia. Usijifanye mwamuzi. Andika, "Kwa wenzetu Waislamu, chama kinawatakia Idd njema", na usitaje 'leo'. Meseji itamfaa wa leo na wa kesho. Idd-ul-Azha ni rahisi kidogo, kwa kuwa ni tarehe 10 ya mwezi wa Dhulhija, hivyo ukishaandama una siku kadhaa za kujipanga.

Kisha Diwali. Hapa Kiswahili chenyewe kinakutegea mtego wa herufi moja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Uhindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Ukiandika "Heri ya Diwali kwa Wahindi wote" umekosea mara mbili, kwa sababu jirani yako Mhindi anaweza kuwa Mwislamu wa Bohora au Ismailia, ama Mkatoliki wa asili ya Goa. Tena Diwali si ya Wahindu peke yao. Wajaini wanaiadhimisha kwa sababu zao, na Kalasinga nao wana kumbukumbu yao siku zizo hizo. Dawa ni ileile ya mwanzo: andika "kwa mnaosherehekea Diwali" na uwaache wenyewe wajihesabu. Kama ni lazima uweke picha, weka taa, usiweke picha za miungu. Vivyo hivyo kwa Krismasi na Idd, usibandike aya za vitabu vitakatifu. Aya ni ibada, na chama hakina dhehebu.

Hata ndani ya Ukristo kuna la kuangalia. Ijumaa Kuu ni siku ya kukumbuka mateso na kifo, na meseji ya "Heri ya Ijumaa Kuu" yenye stika za baluni humshtua muumini. Heri ingoje Jumapili ya Pasaka. Na kama mna mwanachama Mhabeshi wa Kanisa la Othodoksi, Krismasi yake ni Januari 7, wakati wengine mmeshamaliza pilau na mnalia karo.

Kuna jambo ambalo hakuna maneno yatakayolimaliza. Wapo waumini, Waislamu na Wakristo, wanaoamini kwamba dini yao haiwaruhusu kutoa pongezi za sikukuu ya dini nyingine. Usiwavute mkono. Ndiyo maana salamu itoke kwa chama na isainiwe na ofisi, isiwe zoezi la kila mtu kujibu. Usimtaje kwa jina aliyenyamaza, wala usiandike "mbona wengine hamsemi Amina?" Na kama katibu mwenyewe ana msimamo huo, mweka hazina ama naibu atume. Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinamlinda kila mtu na imani yake. Chama chenu si serikali, lakini sioni kwa nini kiwe na dini ambayo taifa lenyewe halina.

Mwingine atasema, "Lakini hawa wenzetu hawajawahi kulalamika." Wangelalamikia nini hasa? Mtu hawezi kusimama mkutanoni kupinga salamu nzuri bila kuonekana ana chuki. Dalili yake hutokea kwingine. Anaacha kuja kwenye get-tugeda ya Desemba, anasema ana shughuli. Hataki uongozi. Siku moja anaomba hisa zake kwa heshima zote, na mnabaki mkijiuliza kulienda nini.

Na hapo ndipo salamu inagusa mfuko. Vyama vingi huvunja akiba Desemba: unga, mchele, mafuta, pengine nyama, zigawanywe kabla ya Krismasi. Yule anayehitaji mchele na mbuzi wakati wa Idd amechangia sawa na wewe miezi yote 12, lakini chakula chake kinafika kwa sikukuu yako. Kumtakia Idd njema huku mfuko umefungwa mpaka Desemba ni maneno matupu. Mpeni kila mwanachama nafasi ya kuchagua mara moja kwa mwaka ni mwezi gani atachukua fungu lake. Hesabu ya mweka hazina haibadiliki. Tarehe ya kutoa tu ndiyo inabadilika, mradi awe amefikisha kiasi cha fungu lake.

Kwa hivyo kwenye mkutano wa Januari, pitisha karatasi yenye maswali mawili: ungependa chama kikusalimu kwa sikukuu gani, na fungu lako ulichukue lini? Atakayeandika 'hakuna' aheshimiwe. Fanya hivyo mapema, kwa sababu kalenda inatusogelea. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, karibu kabisa na Krismasi. Mwaka huo nyama choma ya kufunga mwaka mkiiweka mchana wa tarehe 28, wale 8 watakuwa wamefunga. Ni bora mjue sasa, mkutane jioni baada ya magharibi, tende ziwe mezani pamoja na keki.