Nafasi ya mita tatu iachwe kabla ya mabati mapya

Kila moto unapozuka katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, utaona vijana wenye nyundo na mitaimbo wakibomoa nyumba ambayo haijaungua. Hawaibi. Wanatafuta nafasi, kwa maana wanajua moto ukikosa nyumba ya karibu husimama. Jambo linalotusikitisha ni kwamba nafasi hiyo iliyotafutwa kwa jasho usiku huzibwa tena kesho yake. Nasi tunaoleta blanketi na mabati tunasaidia kuiziba.

Watu wengi hudhani nyumba ya mabati ni salama kwa kuwa bati haliungui. Ni kweli haliungui, lakini hupitisha joto upesi. Ndani yake kuna fremu ya mbao, na ukutani yamebandikwa maboksi na pazia la kuzuia baridi. Jirani akiungua, bati hupata moto kwa nje na maboksi huwaka kwa ndani, hata kama hakuna ulimi wa moto uliogusa nyumba hiyo. Fremu ikiisha kuungua, ukuta mzima huanguka, mara nyingi juu ya nyumba inayofuata.

Joto hilo hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Ndiyo maana wataalamu wa Afrika Kusini, ambako mioto hii imechunguzwa sana, hupendekeza walau mita 3 kati ya nyumba na nyumba. Huko Imizamo Yethu, mjini Cape Town, moto wa Machi 2017 ulisukumwa na upepo mkali ukateketeza makazi zaidi ya 2,000. Upepo wa namna hiyo hurusha cheche na kuuvusha moto hata penye nafasi. Mita 3 hazizuii kila moto, ila huwapa watu muda wa kutoka na kupambana.

Mwenye nyumba atasema kuacha nafasi ni kupoteza kodi. Tuhesabu pamoja. Chukua ploti yenye safu mbili zilizogeuziana migongo, kila safu ina vyumba 20 vya mita 3 kwa mita 3. Leo moto ukianza upande mmoja, vyumba vyote 40 vimo hatarini. Ondoa vyumba viwili katika kila safu ili upate njia mbili za kukata ploti yote. Hasara ni vyumba 4, yaani kimoja katika kila 10. Vilivyobaki ni mafungu matatu ya vyumba 12, na moto ukishikwa katika fungu moja, vyumba 24 vimepona. Ukuta wa mawe kwenye ncha za kila fungu, uliopanda kupita paa, huongeza kinga. Usiwe na dirisha wala mlango, kwa sababu moto hutokea hapo ukiwa na nguvu nyingi.

Sehemu ya tatu ni maji. Bomba la nusu inchi hujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika moja hivi, na siku za mgao halitoi kitu. Kwa hiyo bomba peke yake si kinga. Kinachofaa ni tangi la lita 5,000 lililoinuliwa, lenye koki ya inchi 2 inayojaza mtungi kwa sekunde chache, na lisiloruhusiwa kushuka chini ya nusu. Liwekwe kwenye njia ya mita 3, ambapo watu wanaweza kupanga mstari wa kupokezana mitungi. Umeme ukatwe kwanza. Chumba kikishashika moto chote, maji yasimalizwe hapo. Yamwagwe kwenye ukuta wa jirani ambaye bado hajaungua.

Ugumu uko katika siku mbili za kwanza baada ya moto. Mpangaji anaogopa kukosa pa kulala, mwenye nyumba anaogopa kunyang'anywa ploti, na kila mmoja anasimamisha nguzo zake palepale zilipokuwa. Akingoja peke yake, atapoteza. Wakikubaliana wote, hasara ya vile vyumba 4 hugawanywa kwa wenye nyumba wote wa ploti.

Tunapendekeza hivi: chakula, blanketi na dawa vitolewe saa ileile bila sharti lolote. Lakini mabati na misumari vitolewe baada ya majirani kupima njia kwa kamba na kupigilia vigingi mbele ya mzee wa mtaa. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Tukigawa mabati kabla ya vigingi, tunajenga upya njia ileile ambayo moto uliipita.