Bango la Nane Nane: kata utangulizi, usikate ushahidi

Kila Agosti kwenye uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, utaona mabango ya aina mbili. La kwanza ni ripoti nzima iliyobandikwa ukutani, na hakuna anayeimaliza. La pili limefupishwa mpaka likabaki kelele: "Mifuko isiyopitisha hewa, mkombozi wa mkulima!" Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linasomwa.

Chukulia kikundi cha Iringa kimejaribu mifuko hiyo dhidi ya dumuzi (namba hapa ni za mfano tu). Wakifupisha, wengi huanza kufuta namba, eti zinachosha. Napinga. Futa historia ya kikundi, shukrani na maelezo kwamba mahindi ni zao muhimu. Mgeni anayajua hayo. Bakiza vipande vinne:

Dai: Mahindi makavu yalikaa salama bila dawa ndani ya mfuko usiopitisha hewa.

Tulivyolinganisha: Magunia 5 ya kawaida na mifuko 5 isiyopitisha hewa. Shamba moja, ghala moja, miezi 6.

Tulichokuta: Punje zilizotobolewa katika kila 100: gunia la kawaida 30, mfuko usiopitisha hewa 3.

Pasipofaa: Mahindi yasiyokauka huota ukungu humo. Mfuko ukitoboka, hewa huingia na dumuzi huendelea kula.

Kichwa cha bango kiwe lile dai lenyewe, siyo "Utafiti wa Uhifadhi wa Mahindi", maana maneno hayo hayasemi mlipata nini.

Sasa jaribu kupunguza zaidi uone kinachoharibika. Ukiondoa gunia la kawaida, ile 3 haithibitishi kitu. Huenda msimu huo dumuzi hawakuwapo kabisa. Ukiondoa miezi 6, mfanyabiashara anayengoja bei ipande hajui kama mahindi yatamfikisha huko. Ukiondoa kipande cha mwisho, mtu atajaza mahindi mabichi, afunge kwa kamba, na siku ya kuuza akute ukungu. Hasara hiyo itakuwa imetokana na mstari mlioufuta ninyi.

Wapo watakaosema nafasi haitoshi. Vipande vyote vinne havifiki maneno 70. Nafasi huliwa na salamu, orodha ya viongozi na picha ya kikundi kizima.

Kabla ya kuchapisha, mwite jirani ambaye hakushiriki jaribio. Asimame hatua mbili kutoka bangoni, asome, kisha ageuke. Mwulize: tulilinganisha na nini? Kwa muda gani? Ni wakati gani mfuko haufai? Akikwama kwenye swali lolote, bango bado halijakamilika. Rudisha mstari unaokosekana, hata kama itabidi picha ya mwenyekiti itoke.