Nani Kasema Mila Haianzishwi?

Huku kwetu Mugeta ukifanya jambo la kuagana na machungu yako ambalo babu yako hakulifanya, utaambiwa moja kati ya mawili: unaigiza, au umetoka kwa mganga. Mila hurithiwa, wanasema, haitungwi. Husemwa kwa sauti nzito kiasi kwamba watu hawaulizi tena kama ni kweli. Si kweli.

Tuanze na hao mababu wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii ya magharibi mwa Serengeti iliandamwa na njaa, magonjwa na uvamizi wa Wamasai. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeandika masimulizi ya wazee wa Mara, anaeleza jinsi Wanata, Waikoma na Waishenyi walivyojipanga upya baada ya balaa hizo kwa marika yaitwayo saiga. Wajukuu wakakuta saiga zipo, wakadhani zimekuwapo tangu na tangu. Kumbe zilikuwa jibu la watu waliobanwa.

Halafu watazame jirani zetu Wajaluo. Mtu akipotea na mwili usionekane, kwa mila yao huzikwa tunda la mwegea, wenyewe huliita yago. Hakuna anayedhani tunda lile ndiye marehemu. Lakini kaburi limechimbwa, watu wamelia pamoja, na siku imefika ya kurudi shambani. Bila lile tunda, mke wa aliyepotea hana siku ya kuacha kusubiri. Faraja iko hapo: jambo lisilo na mwisho limepewa mwisho, na mikono imepata kazi ya kufanya.

Sasa njoo kwenye pengo letu. Mkoani Mara ndoa ya ng'ombe ikivunjika, wazee hukaa, mahari huhesabiwa, na ng'ombe wakirudi kila mtu anajua yameisha. Ila vijana wangapi leo wanaishi pamoja bila hata ng'ombe mmoja kutoka? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawadhania kuwa mume na mke wakikaa miaka miwili au zaidi na kupata heshima hiyo machoni pa watu. Mahakama inaweza kuwagawia mali. Lakini kikao hakuna, wala ng'ombe wa kurudisha. Mmoja anaondoka asubuhi, na mwingine anabaki akisikiliza kila pikipiki inayopita.

Dada mmoja jirani yangu aliachwa hivyo. Alichofanya nilikiona. Alichagua siku, akamwita dada yake mkubwa awe shahidi. Mashati ya bwana yule aliyafua, akayakunja, akayatia kwenye kiroba cha salfeti. Kadi za kliniki za watoto na karatasi za kiwanja aliziweka kando; hizo si za kuaga. Akasema kwa sauti, mbele ya dada yake, kinachoisha ni nini na kisichoisha ni nini: unyumba umeisha, baba wa watoto hajaisha. Kiroba kikapanda bodaboda kwenda kwa kaka wa yule bwana. Wawili hao wakahamisha kitanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, wakafagia, wakala ugali na dagaa. Basi.

Mwaka 2017 Nicholas Hobson na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walifundishwa tendo la kubuni tu, lisilo na ukoo wala dini, wakalifanya nyumbani kwa wiki moja. Walipokosea kazi waliyopewa baadaye, ubongo wao ulionyesha mshtuko mdogo zaidi. Ni jaribio moja, silifanyi msahafu. Lakini linatosha kumnyamazisha anayedai tendo bila mababu halina kitu ndani.

Kuna namna ya kuliharibu tendo la kuaga. Ukichoma mashati, umechoma mali ya mtu, na huenda ukaitwa kwa mtendaji. Ukilifanya ili arudi, hapo wanaosema ni uganga wamepata hoja. Na ukijikuta unalirudia kila moyo ukiuma, leo kiroba, kesho picha, keshokutwa kitanda tena, jua halijafunga kitu. Limekuwa kidonda kingine. Tendo la kuaga hufanywa mara moja, na shahidi wako yupo ili akukumbushe kwamba ulishalifanya. Wala si dawa ya kila kitu: asiyelala wala kula kwa majuma anahitaji mganga wa zahanati, si kuhamisha kitanda.

Wazee waliomcheka yule dada nimewauliza angefanya nini badala yake. Wakanijibu angesahau tu. Hilo la kusahau alikuwa akilijaribu tangu msimu wa pamba.