Saa Iliyofutwa Bado Ina Mwenyewe

Zamani mtu aliyenunua saa ya mkono iliyokwisha kutumika alikuwa na mambo machache ya kuchunguza: kama inakwenda, na kama inakwenda sawasawa. Akisha kulipa fedha na kuivaa, saa ilikuwa mali yake, wala hakuna aliyeweza kuizuia isimtumikie. Saa janja ya siku hizi haina tabia hiyo. Yaweza kuwa mkononi mwa mtu mmoja, nayo ingali ya mtu mwingine. Wauzaji wengi, na hata watoaji zawadi, hawalitambui jambo hili. Hudhani kwamba wakisha kufuta yaliyomo ndani ya saa wamemaliza wajibu wao. Dhana hiyo ni ya makosa, na hasara yake humwangukia mtu asiye na hatia.

Na ichukuliwe mfano wa saa iitwayo Apple Watch, ambayo hufanya kazi pamoja na simu ya aina ya iPhone. Tuseme mjomba aliyeko Maskati amepata saa mpya, naye ameamua kumpelekea ile ya zamani mpwa wake, mwanafunzi wa kidato cha tano huko Tanga. Simu aliyokuwa ameiunganisha na saa hiyo amekwisha kuiuza. Kwa hiyo anaishika saa yenyewe, anafungua Settings, kisha General, kisha Reset, na kuchagua Erase All Content and Settings. Baada ya dakika chache saa inawaka upya na kuonyesha ukurasa wa kuchagua lugha, kama saa iliyotoka dukani. Mjomba anaifunga vizuri na kumpa msafiri.

Huko Tanga mpwa anaiweka karibu na simu ya baba yake ili aiunganishe. Hatua za mwanzo zinapita bila taabu. Mara simu inadai anwani ya barua pepe na neno la siri la mtu aliyeimiliki saa hapo kwanza, na haikubali kuendelea mbele. “Shikamoo mjomba,” anasema binti kwa simu, “saa imefika salama, lakini inakuulizia wewe.”

Kwa nini imekuwa hivyo? Sababu ni kwamba umiliki wa saa hii umeandikwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni ndani ya saa: huko mna ujumbe, picha, kadi za benki na vipimo vya mapigo ya moyo. Habari hizo huhifadhiwa kwa maandishi ya fumbo, na mtu akiamuru saa ijifute, ufunguo wa fumbo hilo huharibiwa. Ndiyo maana kazi huisha upesi: maandishi hayasomeki tena kwa kuwa ufunguo wake haupo. Kwa upande huu mjomba alifanya vema. Hakuna atakayesoma siri zake.

Mahali pa pili ni katika kompyuta za kampuni iliyotengeneza saa, mbali kabisa na mkono wa mvaaji. Humo saa hiyo imeandikwa dhidi ya akaunti ya mwenyewe. Kila saa iliyofutwa inapoanzishwa upya, huuliza kwanza huko kama ina mwenyewe. Ikiwa anayo, haifunguki mpaka yeye aidhinishe. Kizuizi hiki kinaitwa Activation Lock, nacho kililetwa katika saa hizo mwaka 2015. Mjomba alifuta yaliyomo mahali pa kwanza, akayaacha ya pili kama yalivyo.

Njia iliyo sahihi ni kuitenganisha saa na simu kabla ya kuachana na chochote kati ya hivyo viwili. Saa na simu viwekwe karibu, na simu iwe na mtandao, kwa kuwa habari hazina budi kufika katika kompyuta za kampuni. Katika simu hufunguliwa programu ya Watch, na katika ukurasa wa My Watch huchaguliwa All Watches. Kando ya jina la saa pana alama ya herufi “i” ndani ya duara. Ikiguswa, huonekana maneno Unpair Apple Watch. Simu itadai neno la siri la akaunti, na hapo ndipo kufuli linapoondolewa. Kabla ya kuifuta saa, simu huweka nakala ya mambo yake mengi, ili mwenyewe aweze kuyahamishia katika saa mpya. Kazi ikiisha, simu huonyesha maneno Start Pairing. Asiyeyaona maneno hayo asidhani amemaliza.

Yako makosa mawili yanayofanana na njia hii lakini siyo yenyewe. La kwanza ni kwenda katika mipangilio ya Bluetooth ya simu na kuiondoa saa humo. Hapo kilichokatwa ni mawasiliano ya redio tu. Yaliyomo katika saa yapo, na kufuli lipo. La pili ni kutenganisha wakati saa iko mbali na simu. Hapo simu huisahau saa, lakini saa yenyewe haikufutwa, nayo bado imebeba siri za mwenyewe. Hapana budi ifutwe kwa mkono.

Wako wanaolilaumu kufuli lenyewe, wakisema kwamba linamwadhibu mnunuzi mwema kwa kosa la muuzaji. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haitoshi kulihukumu. Kufuli ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua kwa kufuta saa lisingemzuia mwizi hata kidogo, maana mwizi pia anajua kufuta. Nguvu yake yote imo katika jambo moja, kwamba mwenyewe peke yake ndiye awezaye kulifungua. Likiwa ni hivyo, basi wajibu wa kulifungua ni wake peke yake, naye hawezi kumwachia anayepokea. Anayeuza saa bila kuitenganisha ameuza kitu ambacho hajakitoa.

Mnunuzi naye asitegemee macho. Saa iliyofutwa tu na saa iliyotenganishwa hufanana kabisa: zote mbili huonyesha ukurasa wa lugha. Tofauti hudhihirika wakati wa kuiunganisha na simu nyingine. Kwa hiyo kabla fedha hazijatoka mfukoni, saa iunganishwe na simu ya mnunuzi papo hapo, muuzaji akiwapo. Simu ikidai akaunti ya mtu mwingine, muuzaji mwenye haki ataingiza neno lake la siri mwenyewe. Asiyeweza kufanya hivyo huenda amesahau neno hilo, au huenda saa si yake. Kwa vyovyote vile mnunuzi asilipe.

Ama yule mpwa wa Tanga, shida yake ina dawa, na dawa hiyo si kuomba neno la siri la mjomba wake. Neno hilo hufungua pia barua na picha za mjomba, na halifai kutajwa kwa simu hata baina ya ndugu. Mjomba aingie yeye mwenyewe katika akaunti yake kupitia iCloud.com/find, aitafute saa ile ya zamani katika orodha ya vifaa vyake, na kuiondoa humo. Ataifanya kazi hiyo akiwa hukohuko Maskati. Binti akianza upya kuiunganisha saa na simu ya baba yake, haitamwulizia tena mjomba.